Neno lipo kwenye kamusi ila siyo lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makosa ambayo spelicheki haiyaoni kwenye mikataba na nyaraka za kesi

Ukurasa huu ni wa makarani wa mawakili, mawakili wenyewe, wanafunzi wa sheria na yeyote anayechapa mikataba kwa Kiingereza au Kiswahili. Maswali ni yale yale ambayo watu huuliza tena na tena, nimeyajibu kadiri ninavyoyajua kutokana na kazi ya kusoma drafti za watu kabla hazijasainiwa.

Ni makosa gani hasa tunayazungumzia hapa?

Ni pale ambapo ulitaka kuandika neno moja, kidole au kichwa kikateleza, na kilichotokea ni neno jingine ambalo nalo lipo na limeandikwa sawasawa. Kwa Kiingereza mfano unaojulikana ni "form" badala ya "from", herufi ni zile zile zimebadilishana nafasi tu. Wenzake ni "trail" badala ya "trial", "statue" badala ya "statute", "untied" badala ya "united", "martial" badala ya "marital", na lile la aibu kabisa, "pubic" badala ya "public", ambalo likitoka kwenye barua ya ofisi watu hawalisahau. Halafu kuna yale ya herufi moja ya mwisho kama "trust" na "trusts", hayo hayachekeshi mtu lakini ndiyo yanayoumiza zaidi kwenye sheria, nitayarudia chini.

Kosa la kawaida kama "mkatba" siyo la ukurasa huu. Hilo jicho linaliona, mashine inaliona, na hata likipita hakuna anayebadilika haki yake kwa sababu yake.

Sasa kwa nini spelicheki inayapita? Si ndiyo kazi yake?

Kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inachukua kila neno, inaangalia kama lipo kwenye orodha yake, likiwepo inasonga mbele. Haiulizi neno hilo linafanya nini kwenye sentensi. Matoleo ya karibuni ya Word yana mstari wa buluu unaojaribu kuangalia maneno ya jirani, na kwa Kiingereza cha kawaida unasaidia kiasi, ila sentensi za sheria ni ndefu na zimejaa "provided that" na "subject to" kiasi kwamba mara nyingi unakaa kimya pale pale unapouhitaji.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: orodha ikiwa kubwa zaidi, makosa ya aina hii yanapita mengi zaidi. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta James Peterson alipiga hesabu ya makosa ya kuchapa yanayogeuka kuwa maneno halali, akaona kwa orodha ndogo ni asilimia chache tu lakini kwa orodha ya mamia ya maelfu ya maneno yanafika kama moja ya sita ya makosa yote. Sababu yake ni rahisi. Kila neno la nadra unaloongeza kwenye kamusi ni mlango mwingine wa kosa kupita. Kwa hiyo dawa siyo kununua kamusi kubwa, dawa ni kuipunguza ifanane na nyaraka zako. Hilo ndilo ninalotaka mtu aondoke nalo hapa, na chini nitaonyesha jinsi ya kulifanya ndani ya Word.

Kosa la herufi moja linaweza kweli kumuumiza mtu? Si mahakama itaelewa tu?

Mahakama inaweza kuelewa, lakini baada ya miaka mingapi na hasara ya nani. Angalia yaliyotokea Uingereza mwaka 2009. Ofisi ya msajili wa makampuni kule, Companies House, ilipokea amri ya mahakama ya kufilisi kampuni inayoitwa Taylor & Son Ltd. Amri ikaingizwa kwenye rekodi ya kampuni nyingine kabisa, Taylor & Sons Ltd ya Cardiff, kampuni kongwe ya uhandisi iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 250. Tofauti ni "s" moja mwishoni.

Kosa liligunduliwa ndani ya siku chache na rekodi ikarekebishwa. Shida ni kwamba habari ilikuwa imeshatoka kwenda kwa makampuni yanayouza taarifa za mikopo, na wao wakawa wameshaipeleka kwa wateja wao. Wauzaji waliokuwa wanaikopesha Taylor & Sons bidhaa wakasimama, wateja wakaogopa, na kila aliyeelezwa kwamba ni makosa alibaki na wasiwasi kwamba labda kuna jambo linafichwa. Ndani ya kama miezi miwili kampuni ikaingia chini ya usimamizi wa wafilisi. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya London na mwezi Januari 2015 Jaji Edis akaamua kwamba msajili alikuwa na wajibu wa kuwa makini kwa kampuni ambayo haimo kwenye amri, na kwamba alizembea. Madai yalikuwa ya mamilioni ya pauni. Ushindi ulipatikana, ila kampuni ilikuwa imeshaondoka karibu miaka sita kabla ya hapo.

Hakuna spelicheki duniani ambayo ingeweka mstari mwekundu chini ya "Sons". Kinachotenganisha kampuni mbili zenye majina ya kufanana ni namba ya usajili, na ndiyo maana mimi nasisitiza kila jina la kampuni kwenye mkataba, hati ya madai au amri liandikwe na namba yake pembeni, angalau pale linapotajwa mara ya kwanza. Jina likikosewa namba inabaki kusema ukweli, na namba ikikosewa jina linabaki.

Je, hata bunge hukosea hivi?

Ndiyo, na mfano mzuri unatoka Marekani. Sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu kesi za pamoja ilitaka kusema kwamba mtu asiyeridhika na amri fulani aombe rufaa ndani ya siku 7. Kilichochapwa ni kwamba aombe "siku zisizopungua 7" baada ya amri. Neno la "zaidi" na neno la "pungufu" yalibadilishana. Ukisoma ilivyoandikwa, mtu anatakiwa asubiri wiki nzima kwanza, halafu baada ya hapo hana mwisho wa muda kabisa, anaweza kuomba hata miaka 10 baadaye.

Mahakama za rufaa zikagawanyika. Nyingine zikasema ni wazi bunge lilikusudia kinyume chake, wakasoma hivyo. Ile ya Chicago ikakataa, ikasema mahakama haina kazi ya kugeuza neno kuwa kinyume chake. Bunge likarekebisha mwaka 2009, ikawa siku zisizozidi 10. Kwa miaka minne yote hiyo wakili mwenye akili alitakiwa kuwasilisha ombi lake siku ya saba kamili, ndiyo siku pekee inayokubalika kwa usomaji wote wawili.

Kwa Kiswahili hii jozi tunayo pia: "zisizopungua" na "zisizozidi", "kabla ya" na "baada ya". Kidole hakihusiki hapa, ni kichwa kinachoka. Ushauri wangu ni kuacha kabisa sentensi za "zisizopungua" kwenye tarehe za mwisho, andika "ndani ya siku 7 tangu tarehe ya amri" na umemaliza.

Kwa nini "trust" na "trusts" vinatajwa sana? Si umoja na wingi tu?

Kwa Kiingereza cha mikataba umoja na wingi unajificha vibaya sana, na sababu ni neno "shall". Sentensi "the Trust shall pay" na "the Trusts shall pay" zote ni safi, kitenzi hakibadiliki. Kwenye Kiingereza cha kawaida ungesema "pays" na "pay" na jicho lingegutuka, lakini mikataba imejaa "shall" na "may", kwa hiyo ile "s" ikidondoka hakuna kitu kingine kwenye sentensi kinacholalamika.

Sasa fikiria familia yenye trasti mbili, moja ya nyumba na moja ya masomo ya watoto, na mkataba umeanza kwa kusema kwamba "Trusts" maana yake ni zote mbili. Kifungu cha 9 kikisema gharama zitalipwa na "the Trust", ni ipi? Watu wa trasti ya nyumba watasema ni ile ya masomo, na wale wa masomo watasema kinyume chake, na wote wana hoja. Kosa hili ni baya zaidi likiwa na herufi kubwa mwanzoni kwa sababu herufi kubwa inasema "neno hili lina maana maalumu humu ndani", msomaji anarudi kwenye tafsiri ya maneno na halikuti.

Kinga yake ni mbili. Ya kwanza, ukiwa na vitu viwili vya aina moja usivipe jina moja lenye "s", vipe majina tofauti, "House Trust" na "Education Trust", herufi moja haiwezi kukugeuza tena. Ya pili, kabla ya kumaliza tafuta kila neno lililopewa tafsiri maalumu, moja moja, uangalie kila mahali lilipo kama limebaki vile vile.

Kiswahili nacho kina tatizo hili? Maneno yetu si marefu?

Kinalo, na kwa maoni yangu kwenye mikataba ni hatari kuliko Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, Kenya nayo katiba ya 2010 inakitambua kama lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo nyaraka za Kiswahili zinaongezeka na makosa yake yanaongezeka nazo.

Hatari ya kwanza ni herufi "h". Angalia "atalipa" na "hatalipa". Herufi moja inageuza wajibu kuwa msamaha. Ukiangalia wakati uliopita hatari hii haipo, kwa sababu kukanusha kunabadilisha katikati ya neno pia, "alilipa" inakuwa "hakulipa", na ukichapa "halilipa" kwa bahati mbaya, kwenye sentensi ya mtu inaonekana imeharibika. Lakini wakati ujao tofauti ni "h" peke yake, na mikataba yote inaandikwa kwa wakati ujao! Muuzaji atakabidhi, mnunuzi atalipa, mpangaji atatunza. "Ana haki" na "hana haki" ni ndugu zao. Wingi una nafuu kidogo, "watalipa" na "hawatalipa" zinatofautiana herufi mbili.

Ya pili ni "w" ya kutendwa. "Atalipa" na "atalipwa", "ameuza" na "ameuzwa", "alipe" na "alipwe". Pesa inageuka mwelekeo. Humo humo ninaweka "mdai" na "mdaiwa", "mrufani" na "mrufaniwa", ambazo karani akichoka saa kumi jioni anaweza kuzibadilisha kwenye ukurasa mzima na kila sentensi ikabaki na sarufi nzuri tu.

Ya tatu ni ya matamshi, inategemea mtu amekulia wapi. Kuna wanaochanganya "l" na "r", basi "mahari" inakuwa "mahali" na dai la mahari kwenye kesi ya ndoa linageuka kuwa dai la mahali. Kuna "dh" na "th": "mdhamini" ni anayebeba deni la mwenzake, "mthamini" ni anayekadiria bei ya mali, na zote mbili zinaweza kukaa kwenye mkataba mmoja wa mkopo wa benki. Bodi ya Wadhamini ya msikiti au shule ikiandikwa Bodi ya Wathamini spelicheki inatabasamu. Na kuna "samani" na "thamani", hii ipo kila mahali, mtu anaorodhesha mali za marehemu anaandika "thamani za ndani" akimaanisha makochi na vitanda, mwingine baadaye anasoma kama bei.

Ya nne haionekani kirahisi. Maneno kama nyumba, hati na hisa hayabadiliki kwa wingi, kinachobadilika ni kile kinachofuata. "Nyumba yangu ya Tanga nampa mwanangu" na "nyumba zangu za Tanga nampa mwanangu", usia wote unategemea "y" na "z". Andika idadi: "nyumba yangu moja iliyopo kiwanja namba fulani". Namba ikiwepo herufi ikiteleza kuna kitu cha kuishika. Na hapo hapo angalia "kiwanja" kisiwe "kiwanda", nimeiona zaidi ya mara moja.

Nawezaje kuifanya Word iyashike yale ya Kiingereza?

Hapa ndipo pa kupunguza kamusi. Word kwenye Windows ina faili la maneno ya kukataa, yaani maneno ambayo yapo kwenye kamusi lakini wewe unaiambia "nikiandika hili niwekee mstari mwekundu". Watu wachache wanalijua ingawa limekuwepo miaka mingi. Lipo kwenye folda hii:

```
%AppData%\Microsoft\UProof
```

Bandika mstari huo kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer ubonyeze Enter. Utakuta mafaili yanayoanza na ExcludeDictionary. La Kiingereza cha Uingereza ni `ExcludeDictionaryEN0809.lex`, la Marekani ni `ExcludeDictionaryEN0409.lex`. Funga Word kwanza, fungua faili kwa Notepad, andika neno moja kila mstari kwa herufi ndogo, hifadhi, halafu fungua Word upya. La kwangu linaanza hivi:

```
pubic
statue
statues
trail
trails
untied
martial
asses
form
```

Andika kila umbo peke yake, ukiandika "trail" bila "trails" ile ya wingi itapita. "Asses" ipo kwa ajili ya wale wanaotaka "assets" au "assess" na kidole kinaruka herufi.

Watu huniuliza kuhusu "form", kwamba ni neno halali kwenye mikataba, "in the form set out in Schedule 2". Ni kweli, na bado ninaliweka. Mkataba wa kurasa 30 una "form" chache tu za halali, na mstari mwekundu siyo hukumu, ni swali: hii uliikusudia? Kuzijibu zote ni dakika moja. Lakini "not" na "now" usiziweke, zitakuwa nyingi mno na utazoea kupuuza nyekundu, na mtu aliyezoea kupuuza nyekundu ni bora asingekuwa na spelicheki.

Angalia jambo moja: lugha ya dokumenti inaonekana chini ya skrini. Ikiwa ni Kiingereza cha Marekani na wewe umejaza faili la Uingereza, hakuna kitakachotokea na utadhani faili halifanyi kazi.

Na kwa Kiswahili nifanye nini?

Kwa Kiswahili njia ya kukataa maneno haifai sana, huwezi kukataa "hatalipa" kwa sababu kila kitenzi kina cha kwake, ungeandika orodha hadi kesho. Tumia kutafuta. Bonyeza Ctrl+H, fungua More, weka tiki kwenye Use wildcards, nenda kwenye kichupo cha Find, andika hii, halafu bonyeza Reading Highlight, kisha Highlight All:

```
<[Hh]ata[a-z]@>
```

Alama ya `<` ni mwanzo wa neno na `>` ni mwisho, `@` inamaanisha herufi moja au zaidi. Itapaka rangi kila hatalipa, hatauza, hatakuwa na wenzake. "Hata" peke yake haitaguswa. Herufi zimewekwa mbili `[Hh]` kwa sababu ukiwasha wildcards Word inatofautisha kubwa na ndogo. Ukimaliza rudia na hii:

```
<[Aa]ta[a-z]@>
```

Tuchukue mfano, sentensi tatu za mkataba wa pango nilizozitunga:

"Mpangaji atalipwa kodi ya shilingi 600,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5. Mpangishaji hatakarabati paa na mabomba kwa gharama zake. Mthamini wa mpangaji atawajibika iwapo mpangaji atashindwa kulipa."

Hakuna neno lililoandikwa vibaya. Ukitafuta `hata` inatokea moja, hatakarabati. Unajiuliza: kwenye mkataba huu nani hatafanya nini? Vifungu vya kukataza kwa kawaida vinajulikana, mpangaji hatapangisha mtu mwingine, hatabadilisha jengo. Mpangishaji kukatazwa kukarabati paa lake mwenyewe, tena kwa gharama zake, haiingii akilini, "h" imejipenyeza. Ukitafuta `ata` zinatokea atalipwa, atawajibika, atashindwa. Hapo kwa kila kimoja unauliza pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani, na mpangaji anayelipwa kodi anajitokeza mara moja. Mthamini hapatikani kwa njia hii. Huyo anapatikana kwa orodha fupi ya jozi ambayo kila ofisi inapaswa kuwa nayo, unatafuta `tham` na `dham` unaona zote. Orodha yangu ina jozi kama mdhamini na mthamini, mkopaji na mkopeshaji, mpangaji na mpangishaji, mahari na mahali, kiwanja na kiwanda. Ya kwako itakuwa tofauti kidogo kutegemea unaandika nini.

Kusoma mwenyewe kwa makini hakutoshi?

Aliyeandika haoni, kwa sababu kichwa chake kinasoma alichokusudia. Kinachofanya kazi ni watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye kopi mpya, mwingine anafuata kwenye drafti iliyokubaliwa au maelekezo ya mteja, na anayesoma asiwe aliyechapa. Masikio yanakamata "atalipwa" pale jicho limeteleza. Ukiwa peke yako, Word ina Read Aloud kwenye Review, kwa Kiingereza ni nzuri sana maana mashine haina kusudio lolote, inasoma "form" kama form. Haikusaidii kwa "council" na "counsel" kwa kuwa zinasikika sawa. Kusoma kinyumenyume neno kwa neno kunakopendekezwa sana mitandaoni kunafaa kwa tahajia tu, makosa yetu haya yanahitaji sentensi ili yaonekane, kwa hiyo usipoteze muda.

Naandika kwenye simu, kuna tofauti?

Kubwa. Simu inakuchagulia neno zima, kwa hiyo kosa linaweza lisifanane hata kidogo na ulichotaka. Rasimu iandikwe kokote, ila kopi ya kusaini isitoke bila kupitishwa kwenye kompyuta.

Mkataba umeshasainiwa na kosa limeonekana. Naweza kukata na kalamu?

Kama pande zote mbili zipo na zinakubaliana, marekebisho ya mkono yanawezekana ila kila mhusika aweke saini fupi pembeni ya lililokatwa kwenye kila nakala, siyo moja tu. Ukikata peke yako baada ya mwenzako kusaini umejiletea shida kubwa kuliko kosa lenyewe. Ambacho ni salama zaidi ni hati fupi ya marekebisho inayotaja mkataba wa tarehe fulani, kifungu fulani, neno lililopo na neno linalopaswa kuwepo, isainiwe na kushuhudiwa kama mkataba wa kwanza. Ifanyeni mapema wakati bado mnaelewana.

Na kama mwenzangu anakataa, anasema kilichoandikwa ndicho?

Hapo ni mahakamani. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 2009 kwenye kesi ya Chartbrook na Persimmon ilisema jaji anaweza kusoma mkataba kwa kurekebisha maneno endapo mambo mawili yako wazi: kwamba kuna kosa la lugha, na kwamba mtu mwenye busara angejua pande zilikusudia nini. Maamuzi ya kule hayazifungi mahakama zetu ila mawakili wa huku huyatumia kwenye hoja zao. Ukipima mifano yetu kwa kipimo hicho, "mpangaji atalipwa kodi" inapona kirahisi. "Nyumba zangu" badala ya "nyumba yangu" haiponi, kwa sababu marehemu mwenye nyumba mbili angeweza kukusudia lolote, na hakuna wa kumuuliza. Kosa linalochekesha lina nafuu mahakamani, linalosomeka sawasawa kwa maana zote mbili ndilo linalomaliza familia.

Kosa lipo kwenye hukumu au amri ya mahakama, siyo kwenye mkataba?

Hilo lina njia yake na ni nyepesi. Tanzania ni kifungu cha 96 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na Kenya ni kifungu cha 99 cha sheria yao ya mashauri ya madai, Sura ya 21. Makosa ya kiuandishi au ya hesabu kwenye hukumu, tuzo au amri yanaweza kurekebishwa na mahakama wakati wowote, kwa kujiamulia yenyewe au kwa maombi ya upande wowote. "Mdai amlipe mdaiwa" wakati hukumu nzima inaeleza kwamba mdai ameshinda inarekebishika hapo. Ambacho huwezi ni kutumia mlango huo kubadilisha alichokusudia hakimu, hata kama unaona alikosea, hiyo ni rufaa au mapitio na ina muda wake wa mwisho unaoendelea kuhesabika wakati wewe unasubiri marekebisho.

Ukiipata nakala ya amri isome siku hiyo hiyo ukiwa bado masjala: majina ya wadaawa na herufi zake za mwisho, namba ya kesi, nani anamlipa nani, na kila "h" iliyo mbele ya kitenzi.